Wiki tatu kabla ya mita 800: malengo na mbio za kichwani kwa mkimbiaji mwenye wasiwasi

Swali: "Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari. Nina msichana wa kidato cha tatu, miaka 16, anakimbia mita 800. Mazoezini anatumia 2:31. Kwenye mashindano ya wilaya alitapika asubuhi, akatoka kwa kasi ya ajabu, raundi ya kwanza sekunde 69, akamaliza kwa 2:39. Zimebaki wiki tatu twende UMISSETA ngazi ya mkoa, na mkuu wa shule anataka medali. Nimesikia habari za kuweka malengo na kukimbia mbio kichwani. Nianze wapi, na nifanyeje hasa?"

Mwalimu, anzia kwenye ile raundi ya kwanza, usianzie kwenye hofu. Mkimbiaji wa 2:31 ana wastani wa sekunde 75 na nusu kwa raundi. Aliyetoka kwa 69 hakushindwa kwa sababu ana roho ndogo. Alimaliza mapema nguvu ambazo zilikuwa za mita 600, ndiyo maana raundi ya pili ikamchukua sekunde 90. Hofu ilichangia, lakini kwa njia moja mahsusi: mwili ukishasisimka, kasi kubwa huonekana ya kawaida. Moyo unadunda kabla hata ya bunduki, wenzake wamembana kulia na kushoto, na kichwani hana kitu cha kushika isipokuwa mgongo wa aliye mbele. Basi anaufuata. Kazi yako ya wiki hizi tatu si kumwondolea hofu, maana huiwezi. Ni kumpa jambo la kufanya katika kila kipande cha mbio, halafu kumzoesha kulifanya huku moyo ukidunda.

Kabla ya malengo kuna mambo mawili ya kuhakikisha. La kwanza ni uwanja. Viwanja vingi vya shule huchorwa kwa chokaa na kukadiriwa kwa hatua, na mzunguko wa mita 400 unaweza kuwa 380. Upime kwa futi kamba, sentimita 30 nje ya ukingo wa ndani kama uwanja una ukingo ulioinuka, au sentimita 20 kama ni mstari tu. Ukigundua ni mfupi, basi ile 2:31 si 2:31, na lengo lolote utakalolijenga juu yake litamvunja moyo bure. La pili ni tumbo. Muulize alikula nini asubuhi ile, na saa ngapi. Ugali na maharage saa moja kabla ya mbio huweza kumtapisha hata asiye na hofu. Mlo wa mwisho uwe mwepesi, uji na mkate au kiazi kitamu cha kuchemsha, saa tatu hivi kabla ya mbio, na awe amewahi kuujaribu siku ya mazoezi magumu.

Sasa malengo. Ukimuuliza anataka nini siku ya mbio, atakujibu, "Nishinde, mwalimu." Muulize swali la pili: "Ukifika mita 300, utakuwa unafanya nini?" Hapo atanyamaza. Ukimya huo ndio pengo unalotakiwa kuliziba. Kushinda ni matokeo, na matokeo yanategemea watoto wengine saba ambao hamjawahi kuwaona. Kadiri anavyoyawaza, ndivyo anavyojikuta amesimama mbele ya jambo asilolimudu, na hiyo ndiyo hofu yenyewe. Muda ni lengo bora kidogo, kwa kuwa unamhusu yeye, ingawa nao huharibiwa na upepo, nyasi ndefu au mbio zilizoanza polepole. Kinachobaki mikononi mwake hata mvua ikinyesha ni utendaji: anatokaje, anapumuaje, anaongeza mwendo wapi.

Usimwambie asahau medali. Ataiwaza tu, na sasa ataona aibu kuiwaza. Mwache aitaje, aiandike nyuma ya daftari, halafu mgeuze ukurasa. Ukurasa wa mbele uwe na mambo matatu, basi: muda mmoja ulioandikwa kwa upana, yaani kati ya 2:30 na 2:33, na malengo mawili ya utendaji. Namba moja kavu kama 2:30 ina kasoro yake: akisikia amepita mita 400 akiwa nyuma kwa sekunde moja, anahesabu kuwa mbio zimeshaharibika, naye analegea. Upana humpa nafasi ya kuendelea kupigana.

Malengo ya utendaji ya msichana huyu yanatokana na kosa lake. Gawa 2:31 katika vipande vinne vya mita 200: sekunde 36 na nusu, 37 na nusu, 39, kisha 38. Hiyo ni raundi ya kwanza kwa 74 na ya pili kwa 77. Kama atasema raundi ya pili haipaswi kuwa ya polepole, mwonyeshe David Rudisha: rekodi yake ya dunia ya 1:40.91, London 2012, ilikuwa na raundi ya kwanza ya 49.28, kwa hiyo ya pili ilimchukua sekunde 51.63. Hata yeye alipungua, lakini kwa sekunde mbili na kidogo, si 21. (Jiandae na mjadala hapa, hasa ukiwa na wavulana kundini. Wamesikia Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo kule Christchurch mwaka 1974 na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.2, nao wanadhani kutangulia ndio ushujaa. Wakumbushe kwamba Bayi alitoka kwa kasi aliyoifanyia mazoezi, si kwa kasi aliyoletewa na woga.)

Lengo la kwanza basi liwe "mita 200 za mwanzo zinaonekana rahisi." Ndiyo, namna hiyo, kwa hisia, wala si kwa sekunde. Mbioni hatakuwa na saa, na huenda wewe utawekwa mbali na mstari asikusikie. Lengo la pili liwe "kwenye mita 500 naanza kusukuma mikono." Mahali hapo ndipo wengi wa rika lake hulegea bila kujua, kwa sababu kengele imeshapigwa lakini mwisho hauonekani. Ukimwongezea lengo la tatu na la nne atayachanganya yote. Mtoto mwenye wasiwasi hubeba vitu viwili, si vitano.

Hisia ya kasi hufundishwa kwa mguu kabla ya kufundishwa kwa kichwa. Mara mbili kwa wiki, mkimbishe mita 200 mara sita, apumzike dakika mbili kati ya moja na nyingine, akitafuta sekunde 37 bila kuona saa. Akifika, asikuulize. Yeye ndiye aseme kwanza: "Thelathini na sita?" Kisha umwonyeshe. Siku ya kwanza atakosea kwa sekunde tatu au nne. Anapokuwa anakosea kwa sekunde moja tu, unaweza kuamini kwamba neno "rahisi" lina maana mwilini mwake. Zile mbili za mwisho mfanyie akiwa amesisimka makusudi: waite wenzake wapige kelele pembeni, arukeruke pale pale aliposimama sekunde 20, ndipo umwachie. Ataona mwenyewe kwamba siku ya kelele hukimbia 34 akidhani ni 37. Mwache alione. Hilo halifundishiki kwa maneno.

Mbio za kichwani zianze mwishoni mwa wiki ya kwanza, zikishapata cha kubeba. Makosa mengi hutokea hapa, kwa sababu walimu wengi humlaza mtoto chini, humwambia afumbe macho na ajione akivuka mstari wa kwanza huku watu wakishangilia. Picha hiyo ni tamu, lakini haifundishi mwili chochote. Akifika uwanjani na kukuta tumbo limemkaza na kuna mtu kamziba njia, haifanani na alichokiona, na tofauti hiyo yenyewe inamtisha. Picha yenye kazi ni ile inayofanana na mbio zenyewe: asimame wima, avae viatu atakavyokimbilia na namba ya kifuani kama ipo, ikiwezekana awe pale pale uwanjani. Aone kwa macho yake mwenyewe, yaani mistari ya chokaa mbele na migongo ya wenzake, asijitazame kama yuko jukwaani. Na zaidi ya kuona, ahisi: nyasi chini ya kiatu, mikono, pumzi, na hata ule mdundo wa moyo. Hofu iwemo ndani ya picha. Ukiiondoa, unamfundisha mbio za siku ambayo haitakuja.

Usianze na mita 800 nzima. Anza na sekunde 15: kusimama nyuma ya mstari, amri, bunduki, hatua kumi. Muulize mapema wenyeji wa mashindano wanaanzishaje. Utaratibu rasmi ni kila mtu kukimbia kwenye njia yake hadi mwisho wa kona ya kwanza, ndipo waruhusiwe kuingia ndani, na amri ni moja tu kabla ya bunduki, tofauti na mbio fupi. Lakini kwenye viwanja vya nyasi mara nyingine huwapanga wote kwenye mstari mmoja wa kujipinda. Kama atafanya picha ya njia na akakuta mkusanyiko, umempa mazoezi ya mbio nyingine.

Maneno ya picha ayaandike yeye, kwa lugha yake, wakati uliopo, wewe ukimuuliza tu maswali: unasikia nini, miguu ikoje, unafanya nini sasa. Baada ya kikao kimoja au viwili utapata kitu kama hiki:

"Nimesimama nyuma ya mstari. Moyo unadunda, tumbo limekaza kidogo. Ni mwili unajiandaa. Natoa pumzi polepole, mabega yanashuka. Bunduki. Wananipita wawili, nawaacha. Mikono imelegea, naona rahisi, bado rahisi. Mita 200. Nakaa nyuma ya bega la mtu. Kengele. Sasa inaanza kuuma mapajani, kama siku zote. Naona ile alama ya mita 500. Mikono! Nasukuma mikono. Kona ya mwisho nabaki mstari wa ndani. Nikinyooka, natoka nje ya bega lake. Mikono, mikono, mpaka nipite mstari."

Angalia mambo mawili hapo. Maumivu yametajwa, tena kama jambo la kawaida. Na hakuna sentensi ya "nisitoke kwa kasi" wala "nisianguke." Katazo humlazimisha kuiwaza kwanza ile picha anayoikimbia, hivyo kila kosa ligeuze kuwa tendo: "nisizibwe" inakuwa "nikae nyuma ya bega la nje."

Unawezaje kujua kama kweli anakimbia kichwani au amefumba macho tu akingoja kengele ya chakula? Mpe saa ya kupimia muda. Anaibonyeza bunduki ikilia kichwani, anaibonyeza tena akivuka mstari. Mbio zake halisi ni dakika mbili na nusu. Mara ya kwanza wengi hukuletea sekunde 50 au 60. Hiyo ina maana amerukia mwisho: ameona mwanzo, ameona mstari, katikati hapana kitu. Usimkaripie. Muulize alikuwa wapi mita 300. Kisha mfanye vipande, kila kimoja kwa muda wake: mita 200 za mwanzo ziwe sekunde 36 hadi 38 kichwani pia. Mtu akikuletea dakika nne, naye ana tatizo lake, anaisoma hadithi badala ya kuikimbia. Mwambie atembeze mikono huku akiona. Ukiona saa inasoma kati ya 2:20 na 2:45 kwa siku tatu mfululizo, picha imekomaa.

Muda wa kikao usizidi dakika tano, mara moja kwa siku, siku nne au tano kwa wiki, kabla ya mazoezi ya mwili wakati hajachoka. Asifanye kitandani usiku wa kuamkia mbio. Wengi wakianza pale hawalali, kwa kuwa moyo nao unaanza kukimbia.

Kuna matatizo mawili utakayokutana nayo karibu lazima. La kwanza ni mtoto kusema, "Mwalimu, mimi sioni chochote." Mwamini. Watu hutofautiana sana katika kuona picha kichwani, na wapo wasioona kabisa. Usimlazimishe kuona. Mhamishe kwenye hisia na sauti: afumbue macho, atembee polepole kwenye uwanja mzima akijisemea maneno ya kila kipande pale kinapotokea, afike kwenye mita 500 asukume mikono kweli. Hiyo inafanya kazi ile ile.

La pili ni gumu zaidi: anaona, lakini anachokiona ni kuanguka au kupitwa na wote, na akirudia kinarudi vile vile. Hapa usiseme "jaribu tena uone vizuri." Kila marudio yanakaza picha mbaya. Simamisha picha sekunde mbili kabla ya tukio. Kama anaanguka kwenye kona ya pili, anasimama kwenye mnyooko, kila kitu kimeganda. Sasa mpe tendo dogo, kuchukua hatua moja nje na kushika mstari wa njia ya pili, na picha iendelee polepole sana, kama video iliyopunguzwa mwendo, mpaka apite kona. Mara tatu polepole, kisha mara mbili kwa mwendo wa kawaida, na mfunge kikao hapo hapo alipofanikiwa. Kama siku hiyo haikubali, fungua macho, nendeni mkaipite kona hiyo kwa miguu na wenzake watatu wamemzunguka.

Katika wiki ya pili ingiza misukosuko, lakini kwa mpangilio wa "ikiwa hivi, basi vile." Chagueni matatu yanayowezekana kweli, siyo kumi. Kwa msichana huyu ningechagua haya: nikisikia kichefuchefu asubuhi, nakunywa maji kidogo kidogo na kutembea dakika kumi, mbio bado zipo. Nikijikuta wa mwisho mita 200, hapo ndipo mahali pangu, nasubiri. Nikizibwa kona ya mwisho, nasubiri mnyooko, ndipo natoka nje ya bega lake. Kila moja ifanyike kichwani mara mbili hadi tatu, tukio na jibu lake vikiwa pamoja. Ile ya kuwa wa mwisho ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu ukizingatia kwamba wengine nao watatoka kwa woga, akikimbia 36 na nusu kuna uwezekano mkubwa kweli atakuwa nyuma, na asipoandaliwa kwa hilo ataacha mpango wote katika sekunde ya kumi na tano.

Pumzi ni ya kufundisha pembeni, kwa ufupi: kuvuta kwa hesabu ya nne kupitia puani, kutoa kwa hesabu ya sita kupitia mdomoni, mara tano. Kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta hushusha mapigo. Asiivute kwa nguvu wala kuifanya dakika kumi, atapata kizunguzungu. Wakati wake ni pale wanapoitwa majina.

Siku tatu za mwisho usiongeze jambo lolote jipya, hata likiwa zuri. Picha mara moja kwa siku. Siku yenyewe, anapasha misuli, anafanya picha ya sekunde 40 ya mita 200 za mwanzo tu, pumzi tano, basi. Maneno yako ya mwisho yawe mawili yale yale ya daftari: "Rahisi. Mikono." Usimtakie medali pale mstarini.

Na hapo linakuja suala la mkuu wa shule. Nenda kwake mapema, umwombe asimtangaze mtoto mstarini asubuhi kuwa ndiye "medali yetu." Mpe namba za kupima zisizohusu nafasi: raundi ya kwanza kati ya 73 na 75, jumla chini ya 2:34. Mkuu anapenda kuwa na kitu cha kuangalia. Ukimpa hicho, ataacha kuangalia nafasi peke yake. Na wazazi vile vile, hasa wanaopiga simu usiku wa kuamkia mbio kuuliza kama atashinda.

Baada ya mbio, mwache apumzike, kisha umuulize kuhusu malengo mawili kabla ya mtu yeyote kutaja nafasi yake. Ajipe alama 0 hadi 10 kwa kila moja. Akisema "rahisi" ni 8 na "mikono" ni 3, mnajua wiki ijayo mnafanya nini, awe wa kwanza au wa sita. Akisema zote ni 10 na saa inaonyesha raundi ya kwanza ya 70, hisia yake bado haijapimwa vizuri, rudini kwenye zile mita 200 bila saa.

Haya yote ni kwa wasiwasi wa mashindano. Mtoto anayezimia au kuumwa kifua akiwa anakimbia aende hospitali kabla ya kukimbia tena, asifanyiwe picha wala pumzi. Na yule ambaye hali wala halali kwa wiki kadhaa, au anayepatwa na mshtuko wa hofu hata darasani, mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha na kituo cha afya. Kwake mbio ndipo hofu ilipoonekana tu, chanzo kiko kwingine.